Shairi la Fundi wa Lifti

Jumanne, 4 Machi

Nukta wangu,

Salamu kwanza, maana nikiruka salamu utajua nimechanganyikiwa. Hujambo? Macho yanaendeleaje na hizo kazi zako za kusoma kutwa? Mimi nipo. Miguu inauma, duka la kadi tumesimama tangu asubuhi, na hapa nakuandikia nimekaa juu ya boksi la bahasha huku bosi akidhani nahesabu mali.

Nina swali moja na nataka unijibu kama ulivyokuwa ukinijibu darasani, ulipokuwa unasahihisha hata nukta za mwalimu. Unajua kwamba mwezi huu mume wangu, mzee wetu, anatimiza mwaka kaburini. Mafundi wenzake wa karakana ya lifti wameandaa kumbukumbu Jumamosi ya tarehe 29, kule kule karakanani, na wameomba familia isome shairi. Nikaliandika. Binti yangu mkubwa ndiye wa kulisoma, maana mimi nikisimama mbele ya watu sauti inakata.

Nikamtumia. Zikapita siku mbili. Kisha akajibu: “Mama, hata baba umeshindwa kumwandikia mwenyewe? Hili limeandikwa na mashine, hizi za akili mnemba. Nimelipitisha kwenye kipimo cha kutambua maandishi ya mashine, kimesema asilimia themanini na nane. Mimi sisomi maneno ya mashine juu ya baba yangu.” Tangu hapo hapokei simu. Namtumia ujumbe, anausoma, hajibu.

Nimeliandika kwa mkono wangu, Nukta. Nimegonga mizani mezani kwa vidole mpaka jirani wa chini akagonga dari. Beti zenyewe ni hizi:

*Ulikuwa taa kwetu, uliwaka bila shaka,*
*Ulikuwa nguzo yetu, isiyoweza anguka,*
*Mwanga wa safari yetu, njia ilipopindika,*
*Pengo lako nyoyo zetu, kamwe halitazibika.*

*Hukuwa baba pekee, ulikuwa ni rafiki,*
*Wema wako uenee, hekima yako ibaki,*
*Nuru yako itulee, upendo haupimiki,*
*Lala salama mzee, kamwe husahauliki.*

Niambie ukweli. Linasikika kama la mashine? Nimechoka, sina nguvu ya kubembelezwa.

Mwenzako,
Mama Kadi


Alhamisi, 6 Machi

Mama Kadi, mwenzangu,

Macho ni mabovu, asante kwa kuuliza. Nilisoma barua yako ofisini, nikaisoma tena nyumbani nimevua viatu, ndipo najibu.

Ndiyo. Linasikika kama la mashine.

Sasa kaa chini usome mpaka mwisho, usinizimie simu. Kusikika kama la mashine na kuandikwa na mashine ni mambo mawili. La kwanza naweza kulisema kwa sababu ndiyo kazi yangu siku hizi. Sikukuambia, nilikuwa naona aibu: kampuni yetu haihariri tena watu. Wateja wanaleta maandishi yaliyotoka kwenye mashine, na mimi nayapiga pasi ili yaonekane yametoka kwa mtu. Kutwa nzima. La pili, kwamba nani aliliandika, siwezi kulijua kwa kulitazama shairi tu, na hakuna anayeweza. Binti yako hawezi, na hicho kipimo chake ndiyo kabisa.

Nikueleze kipimo kwanza. Vipimo vingi vya aina hiyo vinaangalia kama maneno yako yanatabirika. Neno likifuata lile lile ambalo kila mtu angelitarajia, alama zinapanda. Ndiyo maana vinakamata risala, dua, matangazo ya msiba, na hata watu wanaoandika kwa adabu. Isitoshe, vingi vimefundishwa zaidi kwa lugha zenye maandishi mengi kuliko yetu, kwa hiyo kwetu vinabahatisha zaidi. Hiyo themanini na nane ni makisio yaliyovaa tai. Nimewahi kupitisha barua ya kuomba likizo niliyoiandika mwenyewe kwa hasira, nikaambiwa mimi ni mashine.

Ila sikio la binti yako silidharau. Mashine inajengwa kwa kulishwa maandishi mengi mno, halafu inakisia neno linaloelekea kufuata, kisha lingine, kisha lingine. Haichukui kila mara neno la kwanza, lakini huchota humo humo kwenye yanayotarajiwa. Ukianza “pengo lako”, kila mtu anajua “halitazibika” iko njiani. Taa, nguzo, mwanga, nuru: mwenzangu, umewasha taa tatu katika beti mbili na sijamwona mtu hata mmoja chini yake. “Hukuwa baba pekee, ulikuwa ni rafiki”: huo mtindo wa kukataa kitu kidogo ili upandishe kikubwa naufuta kila siku mara nisizotaka kuzitaja. Wema, hekima, upendo, yote ni mazuri na hakuna hata moja linaloshikika kwa mkono. Halafu kila mstari una joto lile lile. Hakuna panapopanda, hakuna panapokwama.

Kitu kimoja kinakutetea. Mizani yako imetimia, nane kwa nane, mstari kwa mstari, na vina vimekaa. Mashine bado inateleza sana hapo kwa Kiswahili, kwa sababu haisikii silabi, inafanya kazi na vipande vya maneno. Huo si ushahidi wa mahakamani, lakini mimi nakijua kidole chako.

Na jambo la mwisho, ambalo huenda ndilo kubwa. Umeandika kadi za pole tangu nikiwa na kiuno. Kanuni ya duka lenu nakumbuka ulinisimulia ukicheka: andika maneno ambayo hata mke mwenza hawezi kugombana nayo. Hakuna ugonjwa, hakuna tabia, hakuna deni, hakuna jina la utani. Kadi moja imfae marehemu yeyote. Mwenzangu, mashine imelishwa maneno kama hayo hayo. Wewe hukuiga mashine. Mashine ndiyo iliyokuiga wewe na wenzako wote wa kaunta za kadi.

Kwa hiyo shairi hili ni lako, lakini ni la dukani. Mzee wako hayumo. Yule mtu aliyenitengenezea pasi huku akiisema pasi vibaya hayumo.

Kama ulisaidiwa kidogo na simu, niambie, sitakucheka. Na sitakurekebishia hata neno moja. Nikigusa, litakuwa na mkono wangu, na mkono wangu sasa hivi unanuka kazi.

Nakupenda, ndiyo maana.
Nukta


Jumatatu, 10 Machi

Ndugu Nukta,

Nashukuru kwa muda wako na kwa maoni yako ya kina. Nimeyapokea kwa moyo mkunjufu. Nakutakia kila la heri katika kazi zako na afya njema ya macho.

Wako,
Mama Kadi


Jumatano, 12 Machi

Mama Kadi,

“Ndugu”? “Kila la heri”? Barua hiyo ungeweza kumpelekea mtu wa bima. Umenipa kadi, mama. Umenitoa kwenye rafu ukanifunga na utepe.

Najua nilipokukata. Si pale niliposema linasikika kama la mashine, uliliomba hilo mwenyewe. Ni pale nilipouliza kama simu ilikusaidia, baada ya wewe kuniambia waziwazi kwamba uligonga meza kwa vidole. Ulikwisha kuulizwa hivyo na mwanao, ukanijia mimi, na mimi nikakuuliza tena. Samahani. Ni ugonjwa wa kazi. Siku hizi hata ujumbe wa dada yangu wa “umekula?” nausoma mara mbili nikitafuta alama za mashine.

Mengine yote niliyosema siyarudishi nyuma. Ningekuambia ni zuri ungesimama nalo mbele ya mwanao, na yeye angeendelea kukutazama kama mgeni.

Unauliza, au ungeuliza kama tungekuwa tunaongea, ufanye nini. Unaweza kumtumia picha ya karatasi zako, zile ulizofutafuta. Zitaonyesha shairi lilivyokuja. Lakini sidhani anataka ushahidi. Nadhani alifungua shairi akimtafuta baba yake, akakuta taa.

Swali langu ni moja na si la kikazi. Kwa nini humo ndani hakuna hata siku moja mliyoishi?

Nimechoka pia, mwenzangu. Tuchoke pamoja basi.

Nukta


Jumapili, 16 Machi

Nukta,

Nilikasirika. Nikakusema kwa jirani wa chini, yule wa kugonga dari, akaniunga mkono kwa kila kitu mpaka nikaanza kukutetea. Yameisha.

Umeuliza kwa nini hakuna siku tuliyoishi. Nimekaa na swali hilo tangu Jumatano. Dukani amekuja kijana anataka kadi ya mama yake, akaanza kunieleza jinsi mama alivyokuwa akiimba vibaya jikoni, nami nikamkatiza, nikamwandikia “ulikuwa nguzo”. Alilipa akaondoka. Nilijisikia vibaya mpaka jioni.

Jibu ni kwamba siku zetu za mwisho hazikuwa za kusimulia. Wewe ulikuja mara mbili na siku zote mbili alikuwa amenyolewa na amevaa shati. Hukumwona akinifokea kwa sababu mto umepinda. Hukumsikia akiita. Aliita kwa maji, akaita kwa sababu maji ni ya baridi, akaita ajue kama bado nipo. Miezi saba. Nilikuwa nampenda na nilikuwa nimechoka mpaka meno yanauma, na hivyo vitu viwili vilikaa ndani yangu bila hata kusalimiana. Alipoondoka nililia, kisha nikalala usingizi ambao sikuwahi kuulala, na nilipoamka niliona aibu ya kupumzika. Sasa hayo nayaandika wapi? Mbele ya mafundi?

Kwa hiyo nikaandika taa.

Lakini ngoja nikupe kimoja ambacho sijampa mtu. Unakumbuka lifti ya jengo letu, ile kuukuu ya mlango wa kukunja? Mzee aliitunza kwa miaka yote, akaiita Bibi. Kila akiingia anagonga mlango mara moja kwa kidole, “Shikamoo, Bibi,” na watoto walikua wakifanya hivyo hivyo. Binti yangu mkubwa alikuwa akiitikia “Marahaba” kwa sauti ya bibi, baba yake anacheka mpaka anakohoa.

Chumba chetu kinapakana na shimo la lifti, na alipougua alikuwa akilala humo kutwa. Alikuwa anamsikiliza Bibi. Angesema, “Kamba ya kushoto imelegea,” au “Amesimama vibaya ghorofa ya pili.” Nami nikitoka sokoni na mifuko, nilikuwa naingia ndani ya Bibi, nabonyeza ghorofa yetu, na tukifika sishuki. Nabonyeza chini tena. Nakwenda chini, narudi juu, nimeegemea ule ubavu wa chuma, macho nimefumba. Hakuna anayeniita. Siku nyingine mara mbili, siku nyingine mara nne. Huko ndiko kulikuwa kupumzika kwangu kote.

Siku moja naingia nyumbani na uso wa mtu aliyetoka sokoni moja kwa moja. Hakuniuliza nimechelewa wapi. Akasema, “Bibi leo ana safari nyingi na hashushi mtu.” Nikasimama pale na vitunguu mkononi. Nikajua anajua. Kwa kumsikiliza tu, fundi huyu, alijua niko ndani na sitaki kutoka. Nikangoja kufokewa. Akageukia ukuta, akasema, “Kesho tena ukichoka, zunguka. Mimi nipo.”

Ndiyo hivyo. Nimeandika mpaka simu imepata moto.

Mama Kadi


Jumatatu, 17 Machi

Mwenzangu,

Nimesoma nikiwa kazini na nimelazimika kwenda chooni kunawa uso. Msimamizi akaniuliza kama nina mafua.

Sina ushauri mrefu. Usiyaweke yote. Mto na kufokewa viache kwanza, vina siku yake. Chukua Bibi peke yake. Usitafute neno kubwa la kumalizia, na usieleze maana yake, mafundi wataelewa na asiyeelewa atamuuliza aliye jirani. Kama vina vinakubana, usivikimbie, ni vyako tangu shule. Na usiniletee nikague. Nisiposahihisha kitu hata kimoja mwaka huu nitakuwa nimeheshimu kitu.

Mpelekee mwanao kabla yangu.

Nukta


Jumamosi, 22 Machi

Nukta,

Nimempelekea leo asubuhi. Sikuandika maelezo, sikujitetea. Nimeibakiza beti moja tu kati ya nne, nyingine zilianza kuwasha taa. Hii hapa, usiguse:

*Bibi wako alishuka, akapanda bila mtu,*
*Ndani nipo nimechoka, sitaki kuona watu,*
*Nilipokuja kufika, hukuniuliza kitu:*
*“Kesho tena ukichoka, zunguka, nipo, mwenzetu.”*

“Bila mtu” si kweli, nilikuwamo. Lakini kwa mtu wa nje ndivyo ilivyoonekana, lifti tupu inapanda na kushuka. Nimeiacha.

Ameusoma ujumbe. Hajajibu. Ninaogopa, Nukta. Lile la kwanza lilinifanya nionekane mashine. Hili litanifanya nionekane mke aliyemkimbia mumewe mgonjwa kwa lifti. Na sina lingine la kumpelekea baada ya hili.

Jana nilimuuliza mteja mmoja marehemu alipenda nini. Akasema kulala mchana. Nikaandika hivyo. Bosi aliitazama kadi muda mrefu, kisha akaitia kwenye bahasha.

Mama Kadi


Jumatano, 26 Machi

Mama mdogo Nukta,

Shikamoo. Namba na anwani yako nimezipata kwenye simu ya mama. Nimefika nyumbani jana jioni na amelala mapema, kachoka. Ameniambia habari za barua zenu, nami nimeomba ruhusa ya kuzisoma, akanipa. Naomba radhi kwa usumbufu niliouanzisha.

Nikuchekeshe kidogo. Hili la pili nililipitisha kwenye kile kipimo kabla sijalisoma vizuri, kwa hasira tu. Kikasema asilimia tisini na sita. Limezidi lile la kwanza! Baadaye nikalisoma polepole nikiwa nimesimama jikoni kwangu. Nikakifuta kipimo kwenye simu.

Ulimwandikia mama kwamba nilimtafuta baba nikakuta taa. Ni kweli, lakini si yote. Shairi la kwanza liliniumiza kwa sababu sikuona humo mtu aliyechoka. Unakumbuka nilikuwa nakuja kila mwisho wa mwezi kumpokea mama zamu. Mama hakuwahi kulalamika mbele yangu. Mimi baada ya siku moja tu nilikuwa nataka kukimbia. Nikasema, mama ana moyo ambao mimi sikupewa. Halafu likaja shairi, na ndani yake mambo yote ni upendo na hekima, hakuna aliyeishiwa nguvu, nikajiona niko peke yangu kabisa. Ilikuwa rahisi kusema ni mashine.

Mama mdogo, na mimi nilikuwa nazunguka. Nilikuwa nashuka kununua dawa, nikirudi nabaki ndani ya Bibi, juu na chini, juu na chini, nalia kimya kimya ili nisisikike ghorofani. Kisha naingia nyumbani na uso mkavu. Baba hakuwahi kuniambia chochote. Mwaka mzima nimeamini kwamba hakujua, kwamba nilimdanganya mtu anayekufa.

Leo asubuhi nilimwambia mama. Tulishuka pamoja kwenda kununua mkate, na tuliporudi, tulipofika ghorofa yetu, mama alinyoosha mkono akabonyeza chini.

Jumamosi nitasoma mimi.

Binti wa fundi